Buti zilikuwepo, zege likaingia

Nilifanya mafunzo kwa vitendo kwenye ujenzi wa skuli ya ghorofa, huku Pemba. Siku ya kwanza afisa usalama alitupa maelezo: njia ya kutokea, mahali pa kukusanyika, nani wa kuambiwa mtu akiumia. Kisha helmeti, kizibao cha kung'ara, glavu na buti zenye chuma kidoleni. Tukatia saini daftari. Zege halikutajwa.

Wiki ya kumwaga msingi, mzee mmoja saidia fundi aliteremka mtaroni kusawazisha. Zege lilimfika katikati ya muundi, na buti zake zilikoma juu kidogo ya kifundo. Likamwingia hadi kwenye soksi. Nilipomwambia atoke, alicheka: "Mwanangu, zege hili n'nalichezea wewe hujazaliwa."

Tatizo lenyewe ndilo hilo, haliumi mapema. Saruji ikikutana na maji hutoa chokaa kali, pH yake 12 hadi 13, nayo hula ngozi kimyakimya kwa saa kadhaa. Dalili ya mwanzo ni kuwashwa tu, au ngozi kuteleza kama yenye sabuni. Maumivu yakija, ngozi ishaungua.

Nilimwita afisa usalama, maana mzee wa makamo yale hamsikilizi mwanafunzi. Tukamvua buti na soksi, tukamwagia maji safi ya bomba dakika 20 bila kumsugua. Mtu akaleta dawa ya mswaki, tukaikataa. Jioni mguu ulikuwa mwekundu na una malengelenge juu ya kifundo, akapelekwa hospitali.

Ripoti niliandika mimi, siku ileile. Msimamizi alitaka iandikwe "uzembe wa mfanyakazi". Nilimwomba kwa adabu niandike kwanza nilichokiona: saa zege lilipoingia, saa tulipoanza kuosha, kina cha zege mtaroni na urefu wa buti. Nikaambatisha picha ya buti kando ya futi kamba. Vipimo viwili hivyo vilitosha. Buti zilikuwa sahihi kwa msumari na tofali linaloanguka, si kwa zege, na daftari letu lilisema tu "buti: ndiyo". Neno uzembe lingemaliza mjadala, na kesho yake mwengine angeteremka na buti zilezile.

Msimamizi alinuna kidogo, lakini alisaini. Kabla ya kumwaga tena zililetwa gambuti ndefu zenye chuma kidoleni na glavu za mpira, kwa sababu zile za ngozi hunywa maji ya saruji na kuyabana mkononi. Asubuhi tukaonyeshwa kuvaa: suruali ikae nje ya gambuti, isichomekwe ndani, la sivyo zege hupata njia. Pipa la maji safi likawekwa kando ya mtaro. Gambuti zilikuwa za kupokezana, basi kila jioni tulizisuuza ndani pia, kwani saruji iliyobaki humngoja anayefuata na jasho lake.