Ninavyolinganisha picha ya malipo na rekodi ya duka

Ninauza leso Mombasa. Wateja wangu wengi huagiza kwa WhatsApp, hulipa kwa nambari ya duka ya Lipa na M-PESA, kisha hunitumia picha ya ujumbe wa malipo. Kwa muda mrefu picha hiyo ilinitosha, hasa ikitoka kwa mtu niliyewahi kumuuzia.

Alasiri ya tarehe 6 Machi 2025, mteja mmoja wa namna hiyo aliagiza jozi sita kwa shilingi 4,200. Picha iliingia upesi, ikiwa na kiasi hicho, jina la duka langu na tarehe ya siku ile, na kijana wa bodaboda alikuwa ameshafunga mzigo. Kilichonizuia ni kwamba simu ya duka haikuwa imepokea ujumbe wowote. Hilo peke yake si ushahidi, kwa kuwa ujumbe huweza kuchelewa, hivyo nilifungua orodha ya miamala katika M-PESA for Business na kuutafuta msimbo ulioandikwa pichani. Niliuona, lakini ulikuwa wa shilingi 700 zilizolipwa tarehe 2 Machi. Mteja alikuwa amechukua ujumbe halali wa jozi moja aliyonunua siku hiyo, akabadilisha kiasi na tarehe, msimbo akauacha kama ulivyo.

Msimbo wenyewe ungeweza kunionya mapema. Ulianza na TC2: herufi ya kwanza huonyesha mwaka, na T ni 2025, ya pili ni mwezi, kwa hiyo C ni Machi, ya tatu ni siku, ambayo kuanzia tarehe 10 huandikwa kwa herufi, A ikiwa 10. Ujumbe wa tarehe 6 ulipaswa kuanza na TC6. Hata hivyo, anayeujua mpangilio huu anaweza kughushi msimbo unaolingana na tarehe, kwa hiyo mimi huutumia kushuku tu. Uamuzi hutoka kwenye rekodi yangu.

Nilimwandikia, "Dada, msimbo huu ni wa malipo ya tarehe 2, shilingi 700. Tafadhali nitumie wa leo." Hakujibu, nami nikaushusha mzigo.

Sasa humwomba kila mteja anakili maandishi ya ujumbe badala ya picha, kwa sababu pichani O na sifuri hufanana na utafutaji hushindwa bure. Nalinganisha msimbo, kiasi na saa, kisha naandika msimbo huo daftarini kando ya oda, ili usitumike mara mbili. Jina la mlipaji silifanyi kigezo. Wiki iliyofuata mama mmoja alilipiwa na mumewe, jina likawa tofauti kabisa na lake, lakini msimbo, kiasi na saa vililingana, na leso zake ziliondoka jioni hiyo hiyo.