Daftari la sufuria kubwa: mchuzi wa nyama wa watu 80

Naendelea na lile daftari la vipimo vya kibanda cha dadangu, kile kilicho kando ya barabara ukitoka Malindi unaelekea Gongoni. Safari hii ni mchuzi wa nyama wa viazi peke yake, manake ndio uliotusumbua na ndio unaoagizwa sana. Mapishi ya kila siku hapo anayaweza mpwa wangu vizuri kabisa, kijana ana mkono mzuri, wateja wa matatu wanasimama kwa ajili yake. Kilichomshinda ni oda kubwa ya kwanza aliyopewa aisimamie mwenyewe, mchuzi wa watu 80 wa harusi Mambrui, wali wenyewe wanapika huko kwao, sisi tupeleke mchuzi tu kabla ya adhuhuri.

Kwanza mapishi yake ya kawaida, manake bila hayo hakuna hesabu. Watu 8: nyama kilo 1, vitunguu gramu 400, nyanya gramu 500, viazi gramu 800, mafuta kikombe kidogo kama mililita 100, maji lita 1 na nusu, chumvi gramu 25, na thomu, tangawizi, bizari kwa kadiri yake. Anapikia kwenye sufuria ya upana wa sentimita 28, saa moja na nusu hivi kwa moto wa wastani, na mwisho unapata mchuzi wa rojo kama kilo 2 na gramu 800, yaani gramu 350 kwa kila mtu. Hii tumeipima kwa mizani kabisa, sio kukadiria.

Sasa kijana akafanya vile mtu yeyote angefanya, watu 80 ni 8 mara 10, basi kila kitu mara 10. Nyama kilo 10, vitunguu kilo 4, nyanya kilo 5, viazi kilo 8, mafuta lita nzima, maji lita 15, chumvi robo kilo. Akaazima sufuria kubwa ya upana wa sentimita 55, akakoka kuni kwenye mafiga, akaanza alfajiri.

Tatizo la kwanza lilianza kwenye vitunguu na hakuna aliyeliona. Kilo 4 zote ziliingia kwa mpigo. Kwenye sufuria ndogo kitunguu kinatandazika chini, maji yake yanatoka kama mvuke, kinageuka rangi. Kwenye ile kubwa kilijaa, cha juu hakigusi chini, maji yaliyotoka yakabaki humo humo na kitunguu kikachemka badala ya kukaangika. Unaijua hii kwa sikio kabla ya jicho: kitunguu kinachokaangika kinalia chaachaa, kinachochemka kinatokota. Na harufu haibadiliki, inabaki ya kitunguu kibichi kilicholainika. Nyanya zikaingia juu ya hapo, nazo hazikukauka, kisha nyama, kisha lita 15 za maji baridi. Kuchemka tu kulichukua karibu saa nzima.

Tatizo la pili ndilo kubwa na ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. Maji hayapungui kwa kufuata wingi wa chakula, yanapungua kwa kufuata upana wa mdomo wa sufuria, kwa sababu mvuke unatokea juu tu. Ya sentimita 55 ina upana karibu mara 2 ya ile ya 28, kwa hiyo eneo la mdomo ni 2 mara 2, mara 4 tu. Chakula kimeongezeka mara 10, mdomo umeongezeka mara 4. Ndogo inapoteza lita 1 ya mvuke katika ule muda wake wote, kwa hiyo kubwa kwa muda huo huo na moto wa namna hiyo hiyo inapoteza kama lita 4, wakati yeye kwa mahesabu yake alikuwa anangoja zipotee 10. Weka na yale maji ya vitunguu na nyanya ambayo hayakutoka, unakuta sufuria ina mchuzi kilo 36 hivi na uliotakiwa ni 28. Mwepesi, mafuta yanaelea juu.

Hapo akaonja akaona hauna ladha, akaongeza chumvi gramu 100. Na hapa ndipo nilipomuelewa, kwa sababu ulimi wake ulimwambia kweli, robo kilo ndani ya kilo 36 ni chumvi kidogo. Lakini ile robo kilo yenyewe ilikuwa sawa kwa mchuzi wa kilo 28! Chumvi ndiyo iliyokuwa mara 10 ya haki, maji ndiyo yaliyozidi. Alipoona bado mwepesi akachochea moto mkali akafunua kifuniko ili ukauke, na viazi vilikuwa tayari ndani vimeiva. Viazi vikapasuka, wanga ukashuka chini, ukashika. Dalili ya kushika chini ni mwiko unaanza kuwa mzito ukipita chini ya sufuria, na mapovu yanatoka makubwa machache badala ya madogo mengi. Maji yaliondoka, chumvi haiondoki na mvuke, ukafika kilo 28 ukiwa na gramu 350 za chumvi.

Dadangu aliponipigia nilifika ndio anataka kuongeza maji. Nikamwambia dada tulia kwanza, ukiongeza maji turudi kulekule. Tulihamisha mchuzi kwenye sufuria nyingine bila kukwangua chini, ile iliyoshika ikaachwa na harufu yake. Halafu tukachemsha viazi vingine kilo 4 pembeni bila chumvi, tukavitia vikiwa vimeiva. Watu husema viazi vinanyonya chumvi, mimi siamini hivyo, viazi vinasaidia kwa kuwa vinaongeza chakula kisicho na chumvi, sasa ile chumvi inagawanywa kwa kilo 32 badala ya 28. Tukawapigia watu wa harusi wali wautie chumvi kidogo. Mchuzi ulifika baada ya adhuhuri, umechelewa, na ukalika wote.

Kijana alinyong'onyea. Akaniuliza, "Mjomba, sasa mara 10 sio mara 10?" Swali zuri sana hilo, na ndilo tulilokaa nalo jioni na daftari.

Tulichoandika ni hivi. Vinavyoliwa vinaenda mara 10: nyama, viazi, vitunguu, nyanya. Chumvi nayo inafuata uzito wa mwisho wa mchuzi, kwetu ni kama gramu 9 kwa kilo, lakini inatiwa mwisho mwisho mchuzi ukishafika kipimo chake, mwanzoni unatia nusu tu. Mafuta yanafuata eneo la chini ya sufuria, kwa hiyo nusu lita inatosha badala ya lita. Bizari na pilipili tunaanza na mara 7 hivi, halafu ulimi uamue.

Na maji hayazidishwi kabisa, yanatafutwa kwa kurudi nyuma. Unataka kilo 28 mwisho. Nyama 10, viazi 8, vitunguu vikikaangika vizuri vinabaki kama kilo 2, nyanya zikikauka zinabaki kama 3, mafuta nusu, jumla 23 na nusu. Zimebaki 4 na nusu kufika 28, ongeza lita 4 za mvuke, unapata lita 8 na nusu. Angalia tofauti, 8 na nusu kwa 15. Na yanatiwa yakiwa ya moto kutoka sufuria ya pembeni, hayatiwi yote, yanatangulia lita 6 au 7, mengine yanafuata kwa upawa kadiri unavyoona.

Halafu ndio kile kitu ninachokipenda zaidi katika mradi huu, mwiko wenye alama. Mizani ya kupima sufuria iliyo motoni hatuna, lakini sufuria iliyonyooka pembeni unaweza kuipima kwa kina. Tulitia maji ya kupimwa lita 28 kwenye ile ya 55, tukasimamisha mwiko wima, maji yakafika sentimita 12 kasorobo hivi. Hapo tukachonga alama kwa kisu. Kisha tukachonga alama ya pili chini yake, ya mchuzi kabla viazi havijaingia, kama lita 20, sentimita 8 na nusu. Hii ya chini ndiyo iliyo muhimu, kwa sababu mchuzi ukizidi alama hiyo bado unaweza kuchochea moto na kufunua kifuniko bila hofu, hakuna kiazi cha kupasuka wala wanga wa kushika. Ukifika alama ndio viazi vinaingia, moto unapunguzwa, na hapo huchezi tena na maji. Sufuria ya mviringo chini inadanganya kidogo, kwa hiyo kila sufuria ina mwiko wake na usichanganye.

Vitunguu tumekata shauri vikaangwe kwa mafungu kwenye karai pana, kila fungu kisizidi unene wa vidole viwili. Kinachukua muda, naam, lakini unafanya wakati nyama inachemka kwa maji yake, kwa hiyo saa haipotei.

Jaribio: oda ya watu 40 ya msiba, sufuria ya sentimita 40. Eneo la mdomo mara 2 ya ile ndogo, kwa hiyo mvuke lita 2. Mwisho kilo 14, kina sentimita 11, alama ya kabla ya viazi sentimita 8. Maji ya hesabu lita 4 na robo, kijana alifanya hesabu yenyewe kwenye karatasi ya sukari nami nikakaa kimya. Kabla ya viazi mwiko ulionyesha sentimita 9, umezidi moja, ambayo kwa sufuria ile ni lita na robo. Akafunua, akasogeza kuni ndani, nusu saa ukashuka kwenye alama. Viazi kilo 4, moto chini, na nusu iliyobaki ya chumvi akaitia ndio karibu na mwisho akionja. Viazi vilitoka vizima, rojo imeshika mwiko, mafuta hayaelei.

Kitu kingine kilichojitokeza hapo, sufuria kubwa haipoi haraka. Ukiiepua viazi vinaendelea kuiva kwa joto lake, kwa hiyo tunaepua vikiwa bado vinakaza kidogo katikati. Na mchuzi unaobaki haulali kwenye sufuria hiyo hiyo, kwa joto la huku utachacha ndani kabla haujapoa, unagawanywa kwenye sinia na vyombo vifupi upoe upesi.

Ukurasa unaofuata ni maharagwe ya nazi, dadangu ameshaulizwa kuhusu watu 60. Pale alama ya chini itabidi iache nafasi ya tui zito linaloingia mwisho, kwa sababu tui hilo huwezi kulichemsha kwa nguvu ili likauke, litakatika. Kijana ameshaanza kupima tui linalotoka kwa nazi moja ya hapa.