Siku moja maishani mwangu: kushusha bei ya nyumba iliyokaa sokoni

Mimi ni dalali wa nyumba. Leo kazi yangu kubwa ilikuwa kutangaza bei mpya ya nyumba ya vyumba vitatu iliyokaa sokoni miezi kadhaa bila kupata mnunuzi. Bei nitaziandika kwa maelfu bila kutaja sarafu, maana hesabu ni ileile popote. Nyumba hii ilianza kwa 329.

Saa 1 asubuhi

Kabla ya kumpigia mtu yeyote nafungua takwimu za tangazo. Wanaolifungua ni wachache na wanazidi kupungua. Lakini waliofika kuitazama nyumba waliipenda, hakuna aliyelalamikia unyevu, nyufa wala majirani. Kadhaa wao baadaye walinunua nyumba za aina hiyohiyo kwa bei nafuu zaidi. Hapo najua tatizo ni bei. Kama watu wangelifungua tangazo kwa wingi bila kupiga simu, ningeanza kwa kuangalia picha na maelezo. Na kama kila anayefika angelalamikia paa linalovuja, ningemwomba mwenye nyumba alitengeneze kwanza, kwa sababu paa bovu humtia mnunuzi wasiwasi hata bei ikishuka.

Saa 3 asubuhi

Niko sebuleni kwa mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima ambaye watoto wake wameshahama. Ananiuliza, "Mwanangu, kwa nini tusishushe kidogo tu, tuweke 320, tuone?"

Ni swali la haki, na ndilo ninalolijibu kwa kirefu kuliko yote siku kama ya leo. Namfungulia ukurasa wa kutafutia nyumba na kumwonyesha jinsi wanunuzi wanavyochuja. Wengi huchagua kiwango cha juu cha namba kamili: 250, 300, 350. Mwenye uwezo wa 300 hajawahi kuiona nyumba yake hata mara moja. Tukiweka 320 bado hataiona. Watakaoliona badiliko hilo ni walewale waliokwisha kuikataa kwa 329, na kwao tofauti ya tisa haibadilishi kitu. Kisha mwezi ujao tutashusha hadi 312, halafu 305. Kwenye mitandao mingi ya nyumba historia ya bei huonekana, na mnunuzi akiona ngazi ya namna hiyo huamua kusubiri kipandio kinachofuata. Hapo ndipo nyumba huanza kuonekana ya mtu aliyekwama.

"Sasa unataka niweke ngapi?"

"Mia tatu kamili, Mama. Mara moja."

Namwonyesha nyumba tatu zinazofanana na yake zilizouzwa karibuni: 296, 301 na 304. Kwa 300 yuko katikati yao, na ni punguzo la karibu asilimia 9 ambalo mtu yeyote atalihisi. Anauliza kwa nini isiwe 299, kama wafanyavyo wenye maduka. Kwa sababu anayetafuta kuanzia 300 hadi 350 hataiona kwa 299. Kwa 300 kamili wanaiona wa pande zote mbili, wale ambao 300 ndiyo mwisho wao na wale ambao ndiyo mwanzo wao.

Ananyamaza, anaziangalia zile bei tena, kisha anakubali. Anatia saini kwenye fomu ya kubadili bei. Bila saini hiyo siandiki namba popote. Tunakubaliana pia kwamba sababu zake za kuuza hazitamfikia mnunuzi kupitia kinywa changu.

Saa 5 asubuhi

Naandika tangazo upya. Rasimu ya msaidizi wangu inasema: "Bei imeshuka! Mwenye nyumba yuko tayari kwa mazungumzo. Wahi kabla haijaondoka!" Nafuta yote. Sentensi ya pili inamwambia mnunuzi kwamba 300 siyo bei, ni mahali pa kuanzia kushuka. Ya tatu ina haraka ambayo mtu aliyeliona tangazo miezi yote hii hawezi kuiamini.

Ninaloliandika ni hili: "Nyumba ya vyumba vitatu yenye bustani nyuma na chumba cha kazi kinachopata mwanga wa asubuhi. Bei mpya, 300, imewekwa kwa kulinganisha na nyumba za mtaa huu zilizouzwa karibuni." Basi. Mtandao wenyewe utaweka alama ya bei iliyoshuka, kwa hiyo mimi sina haja ya kupiga kelele. Kutaja msingi wa bei kunafanya kazi mbili: kunaeleza kwa nini imebadilika, na kunamwonyesha msomaji kwamba imetokana na hesabu.

Nabadilisha na picha ya kwanza. Ile ya zamani ni ya mbele ya nyumba, na kila anayetafuta mtaa huo ameshaizoea hata haioni tena. Naweka ya chumba cha kazi. Msaidizi anapendekeza tulifute tangazo na kuliweka upya ili lionekane jipya. Nakataa. Baadhi ya mitandao inakataza hilo, na mnunuzi akigundua anaanza kujiuliza tumeficha nini kingine.

Saa 8 mchana

Kabla ya kutangaza nawapigia waliowahi kuitazama nyumba na ambao bado wanatafuta. Hawa ndio wanunuzi walio karibu zaidi kununua. Maneno yangu ni machache: "Ile nyumba mliyoitazama bei yake inabadilika leo, itakuwa 300. Nimeona mpate habari kabla sijaitangaza. Mkitaka kuiona tena, niambieni." Siongezi kwamba kuna wengine wanaoitaka, kwa sababu hawajatokea. Mume na mke mmoja wanaomba kuja kuitazama tena.

Saa 10 jioni

Nabadilisha bei kila mahali kwa wakati mmoja: mitandao yote, kibao cha getini, vipeperushi, orodha ninayowatumia madalali wenzangu. Ni kazi ya kuchosha lakini lazima ifanyike leo. Mtu akiona 329 kwenye kibao na 300 kwenye simu, atashuku kwamba kuna bei ya tatu.

Saa 11 jioni

Dalali mwenzangu anapiga. "Ndugu yangu, mwenye nyumba ana shida gani?" Hili huulizwa kila bei inaposhuka, na ukisita hata kidogo umeshajibu. Namwambia: "Tumelinganisha na mauzo ya karibuni, tukaiweka hapo. Nikutumie orodha?" Anasema nimtumie. Kuanzia hapo mazungumzo yanahamia kwenye nyumba yenyewe, ukubwa wa kiwanja na hali ya mabomba.

Saa 1 usiku

Inafika ofa ya kwanza, 265, kutoka kwa mtu ambaye hajaiona nyumba. Namjulisha mwenye nyumba, maana ofa ni yake na uamuzi ni wake. Nakubaliana naye tusivutane bei na mtu huyo leo. Ninamjibu kwa maandishi: namshukuru, bei ni 300, namwambatanishia yale mauzo matatu, na kumkaribisha aje kuitazama pamoja na wengine mwishoni mwa wiki.

Bei hii tutaiacha wiki tatu bila kuigusa. Simu na ziara zikiongezeka ofa zisije, nitawauliza waliofika walichokiona ndani. Ikiwa hata wanaolifungua tangazo hawataongezeka, nitajua 300 bado iko juu ya soko, na nitarudi kwa Mama na orodha mpya ya mauzo.