Nilivyojibu notisi ya KRA kuhusu renti nikiwa Ujerumani

Notisi iliuliza kuhusu 520,000 zilizoingia benki 2024 toka kwa apatimenti yangu Nairobi. Nilimpa dada yangu barua ya uwakilishi niliyosaini ubalozini, akawa ajenti wangu huko, na ndiye alijibu kwa niaba yangu. Aliambatisha mkataba na stetimenti kuonyesha 40,000 ni dipoziti ya kurudishwa, si renti, kwa hivyo imebaki 480,000. Sasa hapo ndo wengi huchanganya, ule ushuru wa renti wa 7.5% ni wa wakaazi, mimi sina makao Kenya na siku za kukaa huko hazijafika, kwa hivyo ni 30% ya renti yote bila kutoa ripea, yaani 144,000, juu yake penalti na riba. Inauma! Siku hizi dada anakata 12,000 kila mwezi na kulipa kabla hajanitumia.