Chawa darasani: Jumapili ya wiki ijayo ni muhimu kuliko kesho

Ijumaa, jioni.

Barua iliyoingia leo kwenye mabegi ya watoto wa darasa la pili ni fupi: chawa wameonekana kwenye vichwa vya watoto kadhaa, mkagueni mtoto wenu, anzeni kushughulika kesho, Jumatatu aje shule kama kawaida. Namfikiria mzazi atakayeifungua usiku, kachoka, na swali lake la kwanza likawa: ni mtoto wa nani aliyewaleta?

Hilo halijulikani, na sababu yake ni ya kimwili kabisa. Mtoto anayepata chawa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kujikuna. Muwasho unatokana na ngozi kuyakataa mate ya chawa, na ngozi huchukua muda kufikia hapo. Kwa hiyo aliyeanza kujikuna wiki hii huenda aliambukizwa mwezi uliopita, na anayeonekana mzima leo huenda ndiye mwenye chawa wengi. Chawa haruki wala hapai. Anatambaa kutoka unywele hadi unywele pale vichwa viwili vinapogusana, na watoto watatu wanaosoma kitabu kimoja kwenye dawati moja hugusana kutwa nzima. Nywele safi humfaa sawasawa na nywele chafu. Mama ambaye binti yake anaogeshwa kila siku asijione ameshindwa kazi.

Kesho mchana, mkalishe mtoto penye mwanga wa dirisha. Anza nyuma ya masikio na kwenye kisogo, maana ndiko wanakopenda kukaa. Chawa mzima ana ukubwa wa punje ya ufuta, rangi ya kijivu au kahawia, na hukimbia mwanga, kwa hiyo ni rahisi kumkosa kwenye nywele kavu. Mayai ni madogo zaidi na yamegandishwa upande mmoja wa unywele. Ukipuliza, mba hupeperuka. Yai halitoki hata ukilisukuma kwa kidole. Angalia pia liko umbali gani na ngozi. Chawa hutaga karibu kabisa na ngozi kwa sababu mayai yanahitaji joto, na unywele hurefuka kama sentimita 1 kwa mwezi. Yai lililo zaidi ya sentimita 1 kutoka kwenye ngozi kwa kawaida ni ganda tupu la zamani. Maganda peke yake si sababu ya kumpaka mtoto dawa. Tunatafuta chawa aliye hai.

Njia tunayoipendekeza kwanza ni kuchana nywele zikiwa zimelowa. Kama zimesukwa, zifumue zote. Chini ya twende kilioni hakuna chanuo linalofika. Osha kwa shampuu ya kawaida, kisha paka kondishena nyingi na usiisuuze. Utelezi wake humfanya chawa ashindwe kukimbia na chanuo lipite bila kumuumiza mtoto. Tenganisha kwanza kwa chanuo la meno mapana, hasa nywele za kipilipili, ndipo ushike chanuo la chawa, lile la meno membamba yaliyobanana. Chukua fungu dogo lenye upana wa kidole, gusisha meno kwenye ngozi, vuta taratibu hadi ncha, kisha futa chanuo kwenye kitambaa cheupe na utazame. Kila fungu lipite mara kadhaa. Nywele nyingi zinaweza kula saa nzima, na wanaoharakisha ndio wanaoacha chawa kwenye kisogo. Ukimaliza kichwa kizima, suuza na urudie mara moja zaidi.

Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea: Jumamosi kichwa kimekuwa safi, wanapumzika. Lakini yale mayai yamebaki. Yai huanguliwa ndani ya siku 7 hadi 10 hivi, na kinda anahitaji tena wiki moja au zaidi kabla ya kuanza kutaga. Ukichana kila baada ya siku chache, unawaondoa makinda kabla hawajakomaa. Tuseme siku ya 1 ni kesho, Jumamosi. Siku ya 5 ni Jumatano, siku ya 9 ni Jumapili ya wiki ijayo, siku ya 13 ni Alhamisi. Jumatatu inayofuata, siku ya 17, unachana tena ili kuhakikisha tu. Ukikuta makinda madogo siku ya 5 au ya 9, usikate tamaa, hao ndio walioanguliwa na ndio uliokuwa ukiwasubiri. Ukikuta mkubwa, basi ama aliponyoka mara ya kwanza ama ametoka kwenye kichwa kingine nyumbani. Hapo kagua kila mtu, dada wa kazi na bibi wakiwemo, na wote wenye chawa waanze siku moja.

Anayechagua dawa ya dukani aombe losheni ya permethrini asilimia 1. Ile krimu ya asilimia 5 ni ya upele wa ngozi, na mara nyingi wazazi huuziwa hiyo. Hupakwa kwenye nywele zilizooshwa bila kondishena na kukaushwa kwa taulo, kwa sababu kondishena huizuia dawa kushika. Inakaa dakika 10, inasuuzwa. Haiui mayai yote, kwa hiyo inarudiwa siku ya 9. Ikiwa chawa bado wanatembea kwa nguvu saa 12 baadaye, huenda ni wale waliokwisha kuizoea dawa. Kuongeza kipimo hakutasaidia. Nenda zahanati, zipo dawa nyingine, nyingine za kumeza, na dozi yake hupimwa kwa uzito wa mtoto.

Tafadhali msitumie mafuta ya taa, dawa ya mbu ya kupuliza, wala dawa ya kupe ya mifugo. Mafuta ya taa huchubua ngozi, mvuke wake hudhuru mapafu, na karibu na jiko kichwa kinaweza kushika moto. Kunyoa kunafanya kazi, maana mayai yameshika nywele, si ngozi. Lakini msichana wa miaka 7 asilazimishwe kunyolewa kama adhabu, wakati chanuo lingetosha.

Nyumbani kazi ni ndogo. Chawa akitoka kichwani hufa ndani ya siku 1 au 2, kwa hiyo shughulikia vilivyotumika siku hizo tu: foronya, kofia, ushungi, taulo. Fua kwa maji ya moto na anika juani. Machanuo yaloweke dakika 10 kwenye maji ya moto yasiyochemka. Godoro liacheni.

Mtoto mwenye vidonda vyenye usaha kichwani, au tezi zilizovimba shingoni, aende zahanati bila kusubiri hesabu ya siku. Wengine wote waje darasani Jumatatu, nywele ndefu zikiwa zimefungwa. Na kwa msusi msiende bado. Subirini siku ya 17 ipite bila chawa, na mkienda, bebeni chanuo lenu.