Kurasa 22 za hadidu za rejea nilivyozifanya mbili

Mwaka jana shirika letu hapa Moshi lilitafuta mshauri mwelekezi wa kutathmini mradi wa mafunzo kwa wakulima wa kahawa. Hadidu za rejea zilikuwa na kurasa 22. Mshauri wa mradi uliotangulia alikuwa ametuma rasimu akadai asilimia 40 ya malipo, sisi tukasema kazi haijaisha. Tulizozana miezi miwili, na mkataba ukampa kila mmoja haki. Sikutaka yajirudie.

Nilichapa kurasa zote, nikapigia mstari kila sentensi yenye "itawasilishwa", "itakamilika" au "italipwa". Hapo ndipo kasoro zilipojitokeza. Ukurasa wa 9 ulisema ripoti ya kuanzia itolewe siku 10 baada ya kusaini. Ratiba mwishoni ikasema wiki mbili baada ya kikao cha utambulisho. Mkataba ungesainiwa tarehe 2 Juni na kikao kifanyike tarehe 9, hivyo ripoti ileile ilikuwa na tarehe mbili: 12 Juni na 23 Juni. Nikafuta hesabu zote za siku nikaandika "Jumatatu, 16 Juni, saa 10 jioni".

Historia ya mradi, kurasa sita, ikawa aya moja. Maswali ya tathmini sikuyagusa, kwa kuwa ukiyafupisha unabadilisha kazi yenyewe, yakawa kiambatisho. Katikati nikaweka jedwali: kinachokabidhiwa, tarehe, anayekipokea, malipo.

Kisha nikampelekea mhasibu wetu, ambaye hakuwa ameona kurasa zile 22. Nikamuuliza, "Dada, malipo ya kwanza utayatoa lini?"

"Ripoti ikikubaliwa. Sasa anakubali nani? Na akinyamaza?"

Swali hilo lilinikalisha jioni nzima. Neno "kukubaliwa" halina mwenyewe wala mwisho, na mshauri anaweza kungoja miezi. Tukaandika: mratibu atatoa maoni yote mara moja, kwa barua pepe, ndani ya siku 7 za kazi, asipojibu, ripoti itahesabiwa imekubaliwa, na malipo yatatoka ndani ya siku 14 baada ya ankara kupokelewa.

Fedha nazo tuliziandika kwa shilingi pamoja na asilimia. Jumla ilikuwa milioni 18. Ripoti ya kuanzia, asilimia 20, ni 3,600,000; ikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani 180,000, mkononi zinabaki 3,420,000. Washauri wengi hushtukia makato hayo benki, ndipo lawama huanza.

Mwisho kabisa niliongeza sentensi moja: muhtasari huu ukipingana na kiambatisho kuhusu tarehe au malipo, muhtasari ndio utakaofuatwa. Mshauri aliposoma aliomba badiliko moja tu, kwamba rasimu isogezwe mbele siku tatu. Tukaandika tarehe mpya kwenye jedwali, sote wawili tukatia saini pembeni yake.