Uzi mmoja ulikatika, taa zote zikabaki kijani

Nilitumia siku nzima kumtafuta mtu aliyechomeka kebo mahali pasipostahili, na mtu huyo hakuwepo. Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayetunza mtandao wenye pembetatu ya swichi na kipande cha faiba kilichopita kwenye vigeuzi, yaani vile visanduku vidogo vinavyopokea kebo ya shaba upande mmoja na kutoa faiba upande wa pili.

Mtandao ulikuwa wa majengo matatu, kila jengo na swichi yake. Niziite A, B na C. A ndiyo iliyokuwa mzizi wa STP, itifaki inayozuia vitanzi kwa kuziba njia ya ziada. A iliunganishwa na B kwa faiba, na C kwa faiba pia, na kati ya B na C palikuwa na njia ya akiba. Kwa kuwa njia hizo tatu zinafunga duara, STP ilikuwa imeziba poti moja: ile ya C inayoelekea B. Njia hiyo ya akiba ndiyo iliyokuwa na vigeuzi viwili, kimoja kila upande, kwa sababu poti za faiba za B na C zilikuwa zimeshajaa. Swichi zilikuwa za zamani, zikiendesha STP ya kawaida ya 802.1D.

Asubuhi hiyo mtandao ulikuwa haupitiki. Si kwamba ulikatika, ila kila kitu kilisuasua, na swichi zenyewe zilichukua muda mrefu kunijibu nilipoingia kwa konsoli. Kwenye logi ya A kulikuwa na mstari huu ukijirudia kwa anwani tofauti za MAC:

```
%SW_MATM-4-MACFLAP_NOTIF: Host ... in vlan 10 is
flapping between port Gi0/1 and port Gi0/2
```

Maana yake A inaiona mashine ileile mara upande wa B, mara upande wa C. Hiyo ni dalili ya kitanzi, na hapo sikukosea. Kosa langu lilikuwa kudhani kitanzi kimetengenezwa na mtumiaji. Nikaanza kuzima poti za ofisi moja baada ya nyingine. Hakuna kilichobadilika. Nikaizima C na kuiwasha tena, na poti zake zilipoamka mtandao ukawa mwepesi ajabu kwa nusu dakika hivi, kisha dhoruba ikarudi palepale. Nilipaswa kusimama na kujiuliza kuhusu hiyo nusu dakika. Sekunde 30 ndizo poti ya STP ya zamani hutumia kusikiliza na kujifunza, 15 kwa 15, kabla ya kuruhusiwa kupitisha fremu. Kitanzi kilikuwa kinasubiri STP yenyewe ikifungulie mlango.

Kilichonifumbua macho ni kulinganisha ncha mbili za waya mmoja. Fundi mwenzangu alikuwa jengo la B, mimi jengo la C, tukazungumza kwa simu. Nikamwomba anisomee hali ya poti yake inayokuja kwangu.

"Inasema `Desg FWD`, kaka."

Nikatazama ya kwangu. `Desg FWD` pia, yaani poti teule inayopitisha fremu. Hapo nikajua. Kwenye kiungo kimoja kati ya swichi mbili hapawezi kuwa na poti teule mbili. Swichi moja huongoza, nyingine hufuata au huziba. Zikidai zote uongozi, basi angalau moja haimsikii mwenzake. Nikaandika:

```
show spanning-tree interface Gi0/24 detail
```

Mwishoni kabisa mwa majibu hutokea hesabu ya BPDU, yaani ujumbe ambao swichi hupeana kuendesha STP, zilizotumwa na zilizopokewa. Kwangu zilizotumwa zilikuwa zikipanda kila sekunde 2, na zilizopokewa hazikusogea hata moja. Kwa mwenzangu zote mbili zilipanda. Kaunta za trafiki zikasema vilevile: C ilikuwa inamwaga fremu kuelekea B kwa kasi ya juu kabisa, na kutoka B hapakuja kitu. Poti ilikuwa hai, taa ya kijani inawaka, lakini njia ilikuwa ya upande mmoja.

Nieleze jinsi hali hii inavyozaa kitanzi, maana wengi hudhani uzi mmoja wa faiba, ama wa kwenda ama wa kurudi, ukikatika hasara ni kukosa mawasiliano tu. Poti iliyozibwa haijizibi kwa kumbukumbu. Inabaki imeziba kwa sababu kila sekunde 2 inasikia BPDU kutoka upande wa pili ikisema: kuna mzizi, na mimi niko karibu nao kuliko wewe. Uzi wa kutoka B kwenda C ulipokufa, C ikaacha kusikia. Ikangoja sekunde 20, ambazo ndizo umri wa juu wa taarifa, ikahitimisha kwamba upande wa pili hakuna swichi tena, ikapita zile 15 na 15 nyingine, ikafungua. Jumla sekunde 50. Tangu hapo fremu ya tangazo iliyotoka A ilikwenda C, ikapita kwenye uzi mzima hadi B, B ikairudisha A, A ikaipeleka tena C. Inazunguka upande mmoja tu, bila kikomo, kwa kuwa fremu ya Etheneti haina kihesabu cha kuiua kama ilivyo kwa pakiti ya IP. Na B, ambayo iliendelea kutuma BPDU zake kwa uaminifu, haikuwa na njia ya kujua kwamba hazifiki.

Ukimya unatokana na hapo. Hakuna poti iliyoanguka, hakuna logi ya kiungo kukatika, na kila swichi, kwa kile inachokijua, imefuata sheria. Ingekuwa uzi uliokufa ni ule wa kutoka C kwenda B, C ingeendelea kusikia BPDU na kubaki imeziba. Hitilafu ileile, lakini bila kitanzi. Mwelekeo wa uzi uliokufa ndio ulioamua.

Nilichomoa kebo ya poti hiyo ya C na ndani ya muda mfupi mtandao ukatulia. Kisha tukafungua kabati la kigeuzi upande wa C. Taa ya faiba ya kigeuzi ilikuwa imezimika, taa ya shaba inawaka vizuri. Mwanga uliofika kutoka B ulipimwa -34 dBm, wakati upande wa pili ulisoma -8 dBm. Uzi ulikuwa umebanwa na mlango wa kabati na kukunjwa vibaya sana. Kigeuzi kilijua kwamba hakioni mwanga, ila hakikuwa na uwezo wa kuiambia swichi kwa kuangusha na upande wa shaba. Vipo vigeuzi vinavyofanya hivyo, vyetu havikufanya.

Kilichoniuma ni kwamba UDLD, itifaki ya kugundua njia iliyobaki ya upande mmoja, nilikuwa nimeiwasha. Miaka miwili kabla niliandika `udld enable` kwenye swichi zote tatu na nikalala usingizi. Sasa nikajifunza kwamba amri hiyo ya jumla inagusa poti za faiba peke yake. Poti yangu ilikuwa ya shaba, ingawa njia ilikuwa ya faiba, kwa hiyo ilikuwa nje ya ulinzi siku zote.

UDLD yenyewe, iliyoelezwa kwenye RFC 5171 ya mwaka 2008, ni rahisi kuielewa. Kila poti hutuma ujumbe wenye utambulisho wa swichi yake na poti yake, pamoja na orodha ya majirani inaowasikia. Ukipokea ujumbe wa jirani na jina lako limo, basi amekusikia na wewe umemsikia. Kama halimo, kuna kasoro. Lakini hali ya kawaida ya UDLD ni mpole: hukamata hasa nyuzi zilizochanganywa, na jirani akinyamaza tu, huandika kwamba hali haijulikani na kuiacha poti wazi. Kwa kisa changu hiyo isingenisaidia. Kinachohitajika ni hali kali, ambayo jirani aliyekuwa anajulikana akinyamaza, hujaribu kumwita mara 8, mara moja kila sekunde, kisha huifunga poti.

Halafu kuna suala la saa. Kwa mpango wa awali ujumbe hutumwa kila sekunde 15, na jirani husahaulika baada ya mara tatu ya hapo, yaani 45. Ongeza 8 za kumwita, unafika 53, na STP imeshafungua poti kwenye 50. Nikaweka ujumbe uwe kila sekunde 7: 21 na 8 ni 29, nafasi ya kutosha.

```
udld message time 7
interface GigabitEthernet0/24
 udld port aggressive
 spanning-tree guard loop
```

Mstari wa mwisho ni kinga ya pili, upande wa STP: poti iliyokuwa ikisikia BPDU ikiacha kuzisikia, haifunguki, inawekwa kando. Inashika hata pale ambapo nyuzi ni nzima ila programu ya swichi jirani imekwama na kuacha kutuma BPDU, jambo ambalo UDLD inaweza isilione. Wenye RSTP ya sasa wana msaada mwingine, kwa kuwa B ingesikia C ikidai uongozi kwa taarifa dhaifu na ingeziba upande wake. Hata hivyo RSTP hukata tamaa baada ya BPDU tatu tu, sekunde 6, hivyo mimi bado ningeiwekea kinga zote mbili.

Niliandika amri hizo ncha zote mbili, na sikuondoka mpaka `show udld Gi0/24` iliposema `Bidirectional` pande zote. Hali kali humlinda jirani iliyekwisha kumjua. Poti ambayo haijawahi kumsikia mtu haina cha kupoteza. Kwa sababu hiyohiyo sikuruhusu poti ijifungue yenyewe baada ya kufungwa na UDLD. Ikiamka yenyewe na uzi bado umekufa, inaanza bila kumbukumbu ya jirani, na kinga zangu zote mbili zinategemea kumbukumbu hiyo.

Tulipobadilisha uzi tukafanya jaribio jioni, watu wakiwa wameondoka. Mwenzangu akachomoa uzi mmoja tu kwenye kigeuzi cha B, ule wa kutuma, mimi nikiwa na saa mkononi. Taa za shaba zikabaki kijani kama siku ile. Katika sekunde ya 20 poti ya C ikawekwa kando na STP, na kwenye sekunde ya 27 ikatokea hii:

```
%UDLD-4-UDLD_PORT_DISABLED: UDLD disabled interface
Gi0/24, aggressive mode failure detected
```

Akarudisha uzi, nikaandika `udld reset`, tukangoja `Bidirectional`, kisha akachomoa ule wa pili.